Nimepima mti kwa kivuli: asubuhi mita 26, jioni mita 18. Mti umenywea au mimi ndo sijui hesabu?

MtuWaMafinga
Wakuu habari za majukumu. Nina mkaratusi nyuma ya nyumba, mzee wangu aliupanda kabla mimi sijaanza shule, sasa umekua kupitiliza na upepo wa usiku ukianza mama watoto halali. Fundi wa chenso kaja juzi, kautazama mara moja tu mikono mfukoni, kasema huo mita 15, unalala vizuri bila kugusa kitu. Kutoka kwenye shina mpaka ukuta wa jiko nimepima kwa tepu, ni mita 19. Sasa mita 15 za macho mimi siziamini, nikakumbuka ile hesabu ya shule ya kivuli cha kijiti na kivuli cha mti.

Kijiti changu ni mita 1.5. Asubuhi kivuli cha mti nimepata mita 22.45, cha kijiti mita 1.28, nikazidisha nikagawa nikapata mita 26.3. Nikaona hiyo kubwa mno, alasiri nikarudia. Kivuli cha mti mita 20.2, cha kijiti mita 1.66, jibu mita 18.3.

Yaani kwa jibu la asubuhi mti unabomoa jiko lote, kwa jibu la alasiri haugusi hata ukuta. Uwanja ni tambarare kabisa, nyumba iko kaskazini kwa hiyo kivuli hakiigusi asubuhi wala jioni. Nimekosea wapi?

chapakazi
Mkuu mti ukipigwa na jua unasinyaa kama sisi tu, jioni umechoka 😂

Nyundo
Kosa lako ni muda. Kivuli kinapimwa saa 6 mchana jua likiwa kali, hapo kivuli kinakuwa cheusi na ncha inaonekana vizuri. Asubuhi na jioni jua limelala linadanganya. Halafu hiyo njia yenyewe mi siikubali sana, nina sababu zangu nitazileta nikitulia.

BwanaMiti
Nyundo, saa 6 mchana huku kwetu kuna miezi mti mzima unasimama juu ya kivuli chake, ncha utaitafuta wapi wakati iko ndani ya majani? Huo ushauri wa kwako labda kwa wenzetu wa mbali na ikweta.

Mleta mada, kabla sijasema lolote nijibu maswali mawili. Ulipima kipi kwanza, mti au kijiti? Na kati ya hivyo viwili zilipita dakika ngapi?

MtuWaMafinga
Mzee shikamoo. Mti kwanza, zote mbili. Asubuhi nilipima mti saa 3:30, kisha nikaingia ndani kutafuta kijiti kilichonyooka, nikakuta chai iko mezani nikaona si vibaya... nimerudi nachomeka kijiti ilikuwa saa 3:52. Alasiri mti saa 9:20, halafu jirani akapita na habari zake za ng'ombe, kijiti nikapima saa 9:40. Ila dakika 20 mkuu, kivuli kinaweza kusogea kiasi hicho?

BwanaMiti
Marahaba. Chai ndiyo imekurefushia mti, na ng'ombe wa jirani ndiye kakupunguzia.

Fikiria hivi. Jua liko mbali sana, kwa hiyo kwa dakika moja ileile mwanga unaopita kwenye kilele cha mti na ule unaopita kwenye ncha ya kijiti umelala kwa mlalo mmoja. Mti, kivuli chake na huo mwanga vinafanya pembetatu kubwa, na kijiti na kivuli chake vinafanya ndogo yenye umbo lilelile. Ndiyo maana unaweza kusema kijiti kikiwa na kivuli mara kadhaa ya urefu wake, basi na mti hivyohivyo. Lakini neno lenyewe ni dakika ileile. Ukiacha dakika zikapita, pembetatu yako kubwa ni ya jua la saa 3:30 na ndogo ni ya jua la saa 3:52, hazifanani tena, na hesabu yote inakuwa ya kuungaunga.

Sasa kiasi. Jua linatembea kama nyuzi 15 kwa saa, yaani digrii moja kila dakika 4. Kwa mti wa mita ishirini na kitu, jua likiwa katikati ya upeo na utosi, digrii hiyo moja inakula karibu sentimita 75 za kivuli. Dakika zako 22 za chai zimekula karibu mita 4. Yaani kama ungerudi kuupima mti tena saa 3:52, tepu ingesoma kama 18.5 na wala siyo 22.45. Zidisha 1.5 gawa kwa 1.28 uone mwenyewe.

Asubuhi kivuli kinafupika, kwa hiyo ukichelewesha kijiti kinapata kivuli kifupi kuliko kilichotakiwa na mti unatoka mrefu. Alasiri ni kinyume chake. Ndiyo maana umekosea juu mara moja na chini mara moja.

MtuWaMafinga
Nimepiga hapa, inatoka 21.7. Daah. Kwa hiyo jibu liko katikati ya 26.3 na 18.3? Wastani wake ni 22.3.

BwanaMiti
Usijenge kwenye wastani. Imetokea tu kwamba ulichelewa dakika 22 na 20, karibu sawa. Ungekunywa vikombe viwili wastani ungekuwa mwingine. Pima upya, muwe wawili, mmoja mwenye mti na mwingine mwenye kijiti, mmoja akisema "sasa" wote mnaweka alama chini. Kigingi au jiwe, chochote. Mkishaweka alama hapo mnaweza hata kwenda kunywa chai, tepu inapima alama, haipimi kivuli tena.

mama_Zuu
Jamani samahani naingilia kidogo, nimeona mnaongelea hii hesabu ndo hiyohiyo mwanangu kaletewa na nimeshindwa kumsaidia. Swali linasema mtu mwenye urefu wa mita 1.6 kasimama mita 6 kutoka kwenye mti, ncha ya kivuli chake imekutana na ncha ya kivuli cha mti mahali pamoja, kivuli chake ni mita 2. Mti ni mrefu kiasi gani? Mimi nimepata 4.8, nimefanya 1.6 × 6 ÷ 2. Mtoto anasema mwalimu kaandika 6.4. Nimwendee mwalimu au niache?

chapakazi
Mama Zuu mfuate na ile khanga ya shari kabisa

Mzee wa Timazi
Mama Zuu usimfuate mwalimu, yuko sawa. Chora chini kwenye mchanga na kijiti. Mti huku, mtu pale mita 6, halafu kivuli cha mtu kinaendelea mbele mita 2 ndo zinakutana ncha. Kivuli cha mti kinaanzia kwenye mti kinapita miguuni kwa mtu kinaenda mpaka mwisho, kwa hiyo ni 6 jumlisha 2, mita 8. 1.6 × 8 ÷ 2 = 6.4. Wewe umetumia nafasi iliyopo kati ya mti na mtu, na hiyo siyo kivuli cha mtu yeyote.

mama_Zuu
Ahsante sana mzee wangu. Mtoto anacheka hapa ananiambia nilikwambia. Nimeficha uso.

Nyundo
Sasa nimetulia naleta sababu zangu. Mimi nina mwembe uani. Nimeupima kwa kivuli, na dakika ileile kama anavyosema BwanaMiti, maana nilikuwa na kijana wangu. Ilikuwa saa 4 na nusu hivi au imezidi kidogo. Tukapata mita 18. Kijana akapanda na kamba yenye jiwe mpaka tawi la juu kabisa, akashusha kamba, tukapima kamba, mita 12. Rudia tena 18, kamba 12. Hapo chai hakuna, jirani hakuna. Mita 6 zimetoka wapi? Ndo maana nasema hiyo hesabu ni ya kwenye ubao tu.

BwanaMiti
Hiki sasa kisa kizuri. Nyundo, mwembe wako umekaaje juu? Umefunga duara kama mwamvuli? Na matawi ya pembeni yanakwenda umbali gani kutoka kwenye shina?

Nyundo
Mwamvuli kabisa, mduara. Kutoka shina mpaka mwisho wa matawi ni hatua zangu 7, tuseme mita 6.

BwanaMiti
Basi zimetoka hapohapo. Ncha ya kivuli ulichopima siyo ya kilele. Jua likiwa juu vile, mwanga wa mwisho kuguswa na mti haupiti kileleni, unapita begani, kwenye majani ya upande wa kivuli yaliyotoka nje ya shina. Yale majani yako chini kuliko kilele lakini yameshatangulia mbele, kwa hiyo kivuli chao kinakwenda mbali kuliko cha kilele. Wewe ukapima kivuli cha bega ukadhani ni cha kichwa.

Kwa mti wa mduara kama wako, jua likiwa nyuzi 60 juu, ziada inatoka sawasawa na nusu ya upana wa majani, kwako ni mita 6. Ni 18 kasoro 12. Likiwa nyuzi 45 ziada inashuka mpaka kama mita 2 na nusu. Likiwa nyuzi 30, asubuhi zaidi, inabaki kama mita 1 kasoro. Kwa hiyo mwembe, mkungu, mbuyu, vyote vyenye mwamvuli, vipime jua likiwa chini, kivuli chako mwenyewe kikiwa karibu mara mbili ya urefu wako. Miti iliyochongoka kama msonobari haina shida hiyo, mkaratusi uko katikati, inategemea ulivyokatwa.

Na ukitaka kujua kama ncha ni ya kilele au siyo, mrudishe kijana wako juu atikise tawi la juu kabisa wewe ukiwa kwenye ncha ya kivuli. Ncha isipotikisika, hiyo ni ya wengine.

Nyundo
Hmm. Kijana hayupo mpaka Jumamosi. Nitafanya. Sijakubali bado.

KijanaWaLushoto
Huku kwetu uwanja tambarare ni kama kuuliza bahari. Nina mgrevilea kwenye mteremko na kivuli kinashuka bondeni, kinakuwa kirefu kuliko kawaida. Hapo si ndo basi tena?

Nyundo
Hapo ndo basi. Mteremko unavunja pembetatu, lazima ardhi iwe sawa ili mti usimame wima kwenye kivuli chake. Hilo hata mwalimu alisema.

Mzee wa Timazi
Nyundo hapo nusu sawa nusu siyo. Kweli ukipima kivuli cha mti kwenye mteremko halafu kijiti ukakipimia uani kwenye sakafu ya saruji, imekula kwako. Lakini ukikisimamisha kijiti kwenye mteremko uleule, kivuli chake kinateremka kwa mlalo uleule na kwa upande uleule kama cha mti. Pembetatu zote mbili zinapinda kwa namna moja, zinaendelea kufanana. Hakuna mahali panapodai pembe ya mraba. Unapima vivuli vyote kwa kufuata ardhi, unagawa kama kawaida. Mfano kijiti cha mita 2 kivuli kikashuka mita 3.1, mti kivuli mita 27.9, basi 27.9 ni mara 9 ya 3.1, mti ni mara 9 ya kijiti, mita 18.

Kinachoharibu ni kitu kingine. Kwanza mteremko unaobadilika, sehemu ya juu umelala halafu katikati kuna ngazi ya shamba kivuli kinaporomoka. Pili, na hii nimewaona wengi, mtu kwenye mteremko anachomeka kijiti kiwe mraba na ardhi. Kijiti kiwe wima kama mti ulivyo wima. Chukua uzi na jiwe, hiyo ndo timazi yako, zungusha pande mbili.

KijanaWaLushoto
Ngazi zipo mzee, mbili. Moja iko karibu na ncha.

Mzee wa Timazi
Basi subiri saa ambayo ncha inakuwa haijafika kwenye hiyo ngazi, au pima asubuhi kivuli kikiwa upande mwingine. Hizo ngazi zikiwa ndani ya kivuli mimi sina dawa ya haraka, labda BwanaMiti.

BwanaMiti
Sina ya kivuli. Ngazi unaweza kuipima kimo chake ukarekebisha, ila hapo unatafuta makosa mengine.

Hilo la timazi nalitilia mkazo, hata kwa tambarare. Kijiti cha mita 2 ncha yake ikiegemea sentimita 10 tu kuelekea upande wa kivuli, jicho halioni, lakini ncha ya kivuli inasogea sentimita 10 hizohizo. Kwenye kivuli cha mita 2 hiyo ni sehemu moja ya ishirini, na ukienda kwenye mti wa mita 22 umeshapoteza zaidi ya mita. Ndiyo sababu pia sipendi rula ya shule. Kijiti kifupi, kosa la sentimita moja linakua pamoja na mti. Chukua mbao ya mita 2 iliyonyooka.

MwanaPangani
Na sisi wa minazi je? Wangu umeinama kuelekea baharini, unajulikana na kila mtu hapa. Nataka kujua urefu kabla ya kuukata maana mbao za mnazi nimeshaahidi.

BwanaMiti
Kivuli kitakupa kimo cha kichwa kutoka ardhini, basi, na hata hicho ni kama umeanza kupima chini ya kichwa, siyo kwenye shina. Simama mbali, ning'iniza timazi mbele ya jicho lako mpaka uzi upite kwenye kichwa cha mnazi, angalia uzi unagusa ardhi wapi, nenda upande mwingine urudie. Panapokutana ndipo kivuli kinapoanzia. Ila ulichoahidi watu ni urefu wa shina, na shina lililoinama ni refu kuliko kimo cha kichwa.

MwanaPangani
Kama lingekuwa limenyooka ningefanya ile ya mraba wa hiki na mraba wa kile. Lakini limepinda kama upinde. Sasa?

Mzee wa Timazi
Panda na tepu tu mwanangu, wapanda minazi hapo Pangani si wamejaa.

chapakazi
Kuna mtu aliwahi kupima mti mrefu kabisa Afrika kwa kijiti? Nasikia uko Kilimanjaro.

BwanaMiti
Upo, ni mkukusu, ulitangazwa mwaka 2016, mita 81.5. Ila kwa kivuli usingeupima hata ukikaa mwaka mzima, kivuli chake hakifiki chini, kinaishia kwenye vichwa vya miti mingine. Wameupima kwa kifaa cha leza. Njia ya kivuli ni ya mti ulio peke yake, uani, shambani, kando ya barabara.

mwl. mstaafu
Nimewasoma tangu asubuhi. Niongeze kitu kimoja ambacho hakuna aliyekigusa, kivuli kinaanza kupimwa wapi. Inasimuliwa kuwa Thales wa Mileto, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, alipima piramidi ya Misri kwa kungoja saa ambayo kivuli chake mwenyewe kimelingana na urefu wake, maana saa hiyo kila kitu kinalingana na kivuli chake. Lakini kivuli cha piramidi huwezi kukianza pale ukuta unapoishia. Kilele kiko juu ya katikati, na piramidi kubwa ya Giza upande wake ni mita 230, kwa hiyo mita 115 za kivuli zimefichwa chini ya jengo lenyewe. Lazima uziongeze.

Mti nao ni hivyohivyo. Mleta mada kasema tepu yake imeanzia wapi?

MtuWaMafinga
Kwenye gome mwalimu. Shikamoo.

mwl. mstaafu
Marahaba. Zungusha kamba kwenye shina, gawa kwa 3.14, kisha gawa kwa 2, hicho ndicho unachokiongeza kwenye kivuli. Kwa mkaratusi ni kidogo. Kwa mbuyu wenye unene wa mita 6 umesahau mita 3 nzima.

MtuWaMafinga
Kamba imesoma mita 1.57, nusu unene ni sentimita 25. Nitaiongeza. Kesho nafanya na mdogo wangu, naleta majibu.

Ila swali la mwisho, ile ncha yenyewe sikuiona vizuri. Kivuli cha shina kiko wazi, kadiri unavyokwenda mbele kinafifia, mwisho unabaki unabishana na nyasi. Nilichagua tu mahali.

BwanaMiti
Wote tunachagua tu mahali. Jua siyo nukta, lina upana wake, kwa hiyo kila kivuli kina ukungu pembeni, na ukungu unapanuka kadiri kilele kinavyokuwa mbali na ardhi inayopokea kivuli. Ukiwa na mita 100 kati yake, ukungu ni karibu mita moja. Kwako kutoka kileleni mpaka ncha ni kama mita 33 kwa kufuata mwanga, kwa hiyo ukungu ni sentimita 30 hivi ukiukata mraba na mwanga, ukimwagika chini unakaribia nusu mita. Weka alama katikati ya panapoanza kufifia na panapokwisha kabisa.

Na kuna hila moja ya mkaratusi. Kile kitawi cha juu kabisa chenye majani machache, unene wake ukiwa mdogo kuliko huo ukungu, hakitupi kivuli cheusi hata kidogo, jua linakizunguka pande zote. Kwa hiyo kivuli kinaweza kwisha kabla ya mti kwisha. Mimi kwa miti ya namna hiyo huwa nahesabu kuwa nimepungukiwa kidogo, kiasi gani sijui, nusu mita labda.

Nyundo
Kwa hiyo mnakubali kuwa si sahihi.

Mzee wa Timazi
Nyundo, anataka kujua kama jiko litabaki. Nusu mita haimsumbui, mita 15 za fundi ndo zinamsumbua.

MtuWaMafinga
Wakuu nimerudi. Mbao ya mita 2, timazi ya jiwe na uzi wa kushonea, mdogo wangu kwenye mbao mimi kwenye mti, na simu masikioni maana tulikuwa mbali.

Saa 3:15 asubuhi: mti kutoka kwenye gome 25.55, nikaongeza 0.25 ikawa 25.8. Mbao 2.35. Jibu 22.0.
Saa 3:25: mti 23.3, na nyongeza 23.55. Mbao 2.15. Jibu 21.9.
Saa 9:30 alasiri: mti 22.4, na nyongeza 22.65. Mbao 2.03. Jibu 22.3. Hapa upepo ulikuwa unayumbisha kilele na ncha ilikuwa inacheza mbele nyuma, nimechukua katikati.

Na mmeona wenyewe, kati ya saa 3:15 na 3:25 kivuli kimepoteza zaidi ya mita 2, dakika 10 tu. Nilikuwa nimesimama pale nakiona kinarudi, sikuwahi kukitazama hivyo.

Ncha ilipokuwa inacheza nilijua angalau ni ya kilele kweli, maana matawi ya chini yalikuwa yametulia.

BwanaMiti
Safi. Chukua 22 na uiweke nusu mita juu. Mita 19 ulizonazo hazitoshi, unakosa mita 3 na ushee. Hata ukitoa kisiki cha nusu mita, bado unakosa mita 3.

MtuWaMafinga
Nimempigia fundi nikamwambia 22. Kacheka, kasema kivuli kinakuzwa na jua. Nikamwambia basi njoo na kamba ndefu upande juu uishushe kama alivyofanya kijana wa Nyundo, akanyamaza kidogo, kisha akasema tunaweza kuukata vipandevipande kutoka juu ila bei inabadilika.

chapakazi
Yaani kumbe alijua 😂

Mzee wa Timazi
Bei ya vipandevipande lipa. Na kamba ifungwe kabla hajaanza, siyo akishafika juu.

Nyundo
Kijana karudi mapema. Tumepima mwembe leo saa 2:20 asubuhi, jua chini kabisa. Mita 13.1. Kamba bado 12. Katikisa tawi la juu, ncha ikatikisika kidogo, au labda ilikuwa upepo, sijui.

BwanaMiti
Kutoka 18 mpaka 13.1, Nyundo.

Nyundo
Bado mita moja na kitu haina mwenyewe.

MwanaPangani
Na mimi mnazi wangu bado haujajibiwa, mpanda minazi anataka elfu tano kupanda na tepu tu.